Samli ya siagi, na kwa nini chapati zinatoka madoa meusi

Aliyeuliza: "Jamani nikikaangia chapati siagi zinatoka na madoa meusi na jikoni moshi mtupu. Mama mkwe anasema nitumie samli, kwani si ni kitu kile kile? Na naweza kutengeneza mwenyewe?"

Mama mkwe yuko sahihi dada. Siagi si mafuta matupu, kama asilimia 80 tu ndo mafuta, zingine 16 hivi ni maji na kilichobaki ni protini na sukari ya maziwa. Hayo maji ndo yanayofanya kikaango kipige kelele na kurusha, na hiyo protini na sukari ndo inayoungua inakuwa madoa meusi na moshi. Siagi inaanza kuungua kwenye nyuzi 150 hadi 175, samli inaenda mpaka kama 250 kwa sababu vile vya kuungua vimeshatolewa.

Kutengeneza ni hivi. Chukua nusu kilo ya siagi ya maziwa isiyo na chumvi (soma pakiti, maana madukani hata majarini tunaita siagi na hiyo haitoi samli), weka kwenye sufuria nzito, moto mdogo kabisa, usifunike. Itayeyuka, itatoa povu jeupe, halafu itaanza kuchemka kwa kelele, hapo ni maji yanatoka. Mimi hukaa nayo kama dakika 20 hadi 25, nakoroga mara moja moja nikikwangua chini ya sufuria. Sikiliza zaidi ya kuangalia, kelele ikipungua mpaka ikawa karibu kimya, mafuta yakawa safi unaona chini, na mashapo yakawa ya rangi ya kahawia kama karanga za kukaanga na harufu ndo hiyo hiyo, epua hapo hapo, maana sufuria bado ina moto inaendelea kupika. Chuja na kitambaa safi kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Utapata kama gramu 400, pungufu kidogo.

Mara ya kwanza niliipua mapema nikaogopa kuunguza, ikabaki na maji, ilikuwa inarusha kwenye kikaango kama siagi tu na baada ya wiki kadhaa chini ya chupa ikaota ukungu. Mara ya pili nikapokea simu, mashapo yakawa meusi, samli nzima chungu, nilichuja mara 2 na uchungu uko pale pale, nikamwaga. Na usichote na kijiko kibichi.

Kwa chapati kijiko kimoja cha samli kinatosha, kikaango kikipata moto sana haina shida. Ila mayai mimi bado nakaanga kwa siagi, moto mdogo, ule utamu wa maziwa samli haina.