Gawio la ushirika halifi siku ya malipo ikipita

*Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkulima wa tumbaku, Urambo. Chama chetu kilibandika tangazo la gawio Sh 1,500 kwa kila hisa, malipo tarehe 20 Septemba, kwa walio kwenye daftari la hisa hadi 31 Machi. Nilikuwa Mpanda nauguza, sikupata kitu. Nina hisa 40 ila karani anasema jina langu lina hisa 32 tu. Kuna bwana mmoja anasema hela za wasiojitokeza zimesharudi serikalini, nimpe elfu kumi ya kufuatilia na asilimia 20 zikitoka. Nimpe?*

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Usimpe hata shilingi. Kama umeshampa nakala ya kitambulisho chako, nenda chamani wiki hii hii, uache barua inayosema hujamtuma mtu yeyote kukuchukulia gawio.

Tarehe 20 Septemba ni siku chama kilipoanza kulipa, siyo siku haki yako ilipokufa. Mkutano mkuu ulipopitisha kile kiwango, gawio lako lilishakuwa deni la chama kwako, sawa na deni la muuza mbolea ambaye hajalipwa. Usipojitokeza, kiasi chako kinabaki kwenye vitabu upande wa madeni, kwa jina lako na namba yako ya uanachama, mpaka ulipwe au upite muda uliowekwa na masharti ya chama, kama upo. Mkaguzi wa hesabu, awe wa COASCO, shirika la serikali linalokagua vyama vya ushirika, au mwingine, ana haki ya kuitaka orodha hiyo na kuilinganisha na salio la benki. Hakuna hatua hata moja hapo ambapo fedha ya mwanachama inapelekwa serikalini kwa sababu tu hakuwapo siku ya malipo.

Kinachowachanganya watu ni kwamba fedha zinaweza kweli kuwa zimerudi, ila zimerudi kwenye akaunti ya chama. Chama kinapeleka benki orodha ya majina, namba za akaunti na kiasi. Mkulima anayetumia akaunti mara moja kwa msimu, tumbaku inapolipwa, anaweza kukuta imelala, na akaunti iliyolala inaweza kukataa malipo. Wengine jina la daftari halifanani na la benki: daftarini kaandikwa kwa jina la babu, benki kaandikwa kama kitambulisho cha NIDA kinavyosema. Malipo ya namna hiyo yanakataliwa, yanarudi chamani, na karani anaandika "imerudi" mbele ya jina. Dalali akiisikia habari hiyo anaigeuza biashara.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuuona mstari wako. Nenda na kitambulisho na kitabu chako cha uanachama, umwombe karani akuonyeshe orodha ya malipo ya gawio. Siyo ile ya ubaoni. Ile ya ofisini, yenye nafasi ya saini au alama ya kidole, au iliyoambatishwa na taarifa ya benki. Mstari wako ukiwa mtupu au una neno "imerudi", fedha yako ipo: hakikisha akaunti yako iko hai, sahihisha jina au namba, kisha uombe ulipwe upya. Ukikuta saini ambayo si yako, usibishane na karani pale dirishani. Andika tarehe na namba ya ukurasa, omba nakala, halafu peleka barua kwa mwenyekiti wa bodi. Saini ya kughushi ni kosa la jinai, na polisi wataihitaji nakala hiyo.

Sasa hisa 8 zinazopungua. Kabla ya kumshuku karani, tafuta risiti zako. Urambo wengi wananunua hisa kwa makato: masoko ya tumbaku yakifanyika, chama kinakata kiasi cha hisa kwenye malipo. Kama hisa zako 8 zilikatwa Juni au Julai, zilikuja baada ya daftari kufungwa 31 Machi. Hisa 40 unazo kweli, lakini gawio hili ni la 32, yaani Sh 48,000, na zile 8 zitaanza kuhesabiwa mwaka unaofuata. Zikiwa zilikatwa kabla ya 31 Machi na karani hakuziingiza, unapaswa kupata Sh 60,000, na Sh 12,000 iliyopungua ni kosa la chama. Tofauti yote iko kwenye tarehe ya risiti au ya karatasi ya malipo ya tumbaku. Ukikuta kuna makato mengine kwenye gawio, yawe ya kodi au ya mkopo wa pembejeo, yaonekane kwenye mstari wake yenyewe. Usikubali yaliyofichwa ndani ya jumla.

Barua ya kudai iwe fupi: jina kama lilivyo daftarini, namba ya uanachama, idadi ya hisa, tarehe ya mkutano mkuu uliopitisha gawio, kiasi unachodai, namba ya akaunti, na nakala ya risiti. Andika nakala mbili. Moja ibaki chamani, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Huo muhuri usiuache. Masharti ya baadhi ya vyama yanaweka muda ambao gawio lisilodaiwa likiuvuka, mkutano mkuu unaweza kuliingiza kwenye mfuko wa akiba. Soma masharti ya chama chako ujue muda wenu. Ukiwa na barua yenye muhuri, hakuna atakayesema hukudai. Bodi ikinyamaza, nakala hiyo hiyo unaipeleka kwa Afisa Ushirika wa wilaya, na akishindwa, kwa Mrajis Msaidizi wa Mkoa, Tabora. Hakuna ada ya kudai gawio lako.

Hawa madalali wananiudhi kwa sababu wanakula kwenye uzembe wetu wenyewe. Chama kinabandika ubaoni jina, namba ya uanachama na kiasi cha kila mtu. Mpita njia anapiga picha kwa simu, jioni anawapigia watu akiwatajia hisa zao mpaka wanaamini ametoka wilayani. Bodi zibandike namba za uanachama tu, majina na kiasi vikae ofisini. Na mtu akikutajia hisa zako kwenye simu, hiyo si dalili kwamba ni wa chama. Chama hakihitaji namba yako ya siri, wala hakina sababu ya kuchukua cheti chako halisi cha hisa kikae nacho. Ukishindwa kufika mwenyewe, mtume ndugu na barua yako, picha yako na muhuri wa mtendaji wa kijiji.

Wanaoibiwa zaidi ni wafiwa. Dalali anawaambia gawio la marehemu linatoka kwa "mtu wa ndani". Linatoka kwa karatasi. Angalieni kwanza kama marehemu alijaza fomu ya mteule chamani, maana aliyetajwa humo anaanza na cheti cha kifo na kitambulisho chake. Kama hakujaza, ukoo ukae, umpendekeze msimamizi wa mirathi, aombe uteuzi Mahakama ya Mwanzo, kisha alete barua ya uteuzi chamani. Gawio na hisa hulipwa kwa jina lake huyo, kwa niaba ya warithi wote.