Faksi iliyobanwa na kopi yenye kivuli: ipi inaokoleka?

"Wakuu, nina ankara ya zamani iliyoingia kwa faksi, imehifadhiwa kama TIFF. Maandishi yamebanwa, 3 na 8 hazitofautiani. Nikiikuza inazidi kuwa mbaya. Kuna njia?"

Mkuu, kabla ya kugusa chochote angalia faili lina nini, kwa programu ya ImageMagick:

```
identify -format "%w %h %x %y %z\n" faksi.tif
```

Ukiona upana wa 1728 na urefu wa karibu 1145, hiyo ilitumwa kwa ubora wa kawaida wa faksi: nukta 204 kwa inchi kwa upana, lakini mistari 98 tu kwa inchi kwenda chini. Nukta zake si mraba, na programu isiyosoma taarifa hizo huonyesha ukurasa umebanwa. Ukiona urefu wa karibu 2290, mtumaji alichagua ubora wa juu na una mistari mara mbili, kwa hiyo matumaini ni makubwa zaidi.

Namba ya mwisho kwenye jibu ni kina cha rangi. Ikiwa ni 1, kila nukta ni nyeusi au nyeupe, hakuna kijivu. Hapo kubadilisha kizingiti, yaani kiwango kinachoamua nukta ipi iwe nyeusi na ipi nyeupe, moja kwa moja hakufanyi lolote, maana mashine ya mtumaji ilishaamua. Unachoweza ni kupanua kwanza ukiwa kwenye kijivu, kulainisha ngazi za kingo, ndipo ukate upya:

```
magick faksi.tif -colorspace Gray -depth 8 \
  -filter Mitchell -resize 200%x416% \
  -blur 0x2 -threshold 50% safi.png
```

Asilimia mbili tofauti ndizo zinazorudisha umbo: mara 2 kwa upana, mara 4.16 kwa urefu, ili pande zote zifike nukta 408 kwa inchi. Kama faksi yako ni ya mistari 196, weka `200%x208%` na upunguze ukungu hadi `0x1`. Ukikuza bila kulainisha, unapata ngazi zilezile zikiwa kubwa, na nadhani ndilo lililokukuta.

Kizingiti usikiache kwenye 50 kwa mazoea. Kukipandisha hadi 60 kunanenepesha wino, kwa hiyo kunaunganisha herufi zilizokatika. Kukishusha hadi 40 kunaukondesha na kufungua matundu ya 8 na "e" yaliyoziba. Ukurasa mmoja unaweza kuhitaji vyote viwili: toa nakala mbili, usome kichwa kwenye moja na jedwali kwenye nyingine.

Fotokopi ni habari nyingine, kwa sababu karatasi bado unayo. Iskani upya kwa kijivu, nukta 400 kwa inchi, kamwe si kwa hali ya nyeusi na nyeupe. Kivuli cha mkunjo hushinda kizingiti kimoja cha ukurasa mzima: upande mmoja unakuwa mweusi, mwingine unapotea. Tumia kizingiti kinacholinganisha kila nukta na majirani zake:

```
magick kopi.png -colorspace Gray -negate \
  -lat 41x41+8% -negate kopi2.png
```

Dirisha la 41 liwe pana kuliko unene wa mstari wa herufi mara kadhaa. Likiwa dogo mno, herufi nene zinabaki mashimo katikati. Madoadoa yakizidi, pandisha 8 hadi 12.

Sasa mpaka wenyewe. Tarakimu ya pointi 10 ina kimo cha pointi 7 hivi, yaani mistari 9 au 10 kwenye faksi ya 98. Tarakimu 8 inahitaji angalau mistari 5: mitatu ya wino na miwili ya nafasi, tena ikiangukia mahali pake sawasawa. Maandishi ya pointi 6 yanapata mistari 5 au 6 tu. Hapo 3, 6 na 8 zinaweza kutoa nukta zilezile kabisa. Programu zinazokuza kwa kubuni kingo zitakupa 8 nzuri sana, lakini zimechagua tu. Mwaka 2013 David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alionyesha jinsi skana za Xerox zilivyobadilisha tarakimu kwenye hati kwa sababu ya mgandamizo wa JBIG2, na kurasa zilionekana safi kabisa.

Kwa hiyo tarakimu yenye shaka ithibitishe nje ya picha. Mstari ukisema vipande 12, bei "1,?50" na jumla 22,200 inayosomeka vizuri, gawanya: 1,850, basi ni 8. Linganisha pia na tarakimu unayoijua kwenye ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule. Namba ya akaunti au tarehe isiyo na hesabu ya kuithibitisha, na ambayo kila kizingiti kinaisoma tofauti, iandike "haisomeki" na umwombe mtumaji nakala. Vivyo hivyo pale simu ilipokatika: bendi nyeupe, au mstari mmoja uliorudiwa ukavutika kwenda chini, una maana kwamba nukta hizo hazikufika kabisa.