Helmeti mpya inaniumiza kichwa

"Nimenunua helmeti mpya ya bodaboda. Nikiivaa dakika 40 paji la uso linauma mpaka naivua. Nimeze dawa?"

Kaka, dawa weka kando kwanza. Maumivu ya kubanwa huanza ndani ya saa moja tangu uvae, huuma zaidi palepale panapobanwa, na ukivua huisha ndani ya saa moja.

Yangu ilinitesa hivyohivyo. Siku moja nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki: alama nyekundu katikati ya paji, ila pembeni, juu ya masikio, vidole viwili vinapita. Haikuwa ndogo. Ilikuwa ya duara, na kichwa changu kirefu (nyumbani walinicheka sana). Nikabadilisha ya umbo jingine, basi.

Yako ikibana kichwa kizima sawasawa, hapo saizi ni ndogo. Pima kwa futikamba ya fundi cherehani, kidole kimoja juu ya nyusi, ulinganishe na sentimita za kwenye lebo ya ndani. Usichonge ile povu ngumu wala kulegeza mkanda, ukianguka ndivyo vinavyokuokoa.

Ukivua na saa nzima ikapita bado kinauma, au unatapika, nenda hospitali.