Kiti kimoja cha enzi, karatasi tatu, bei tatu: kila moja inajibu swali lake

*"Mzee wetu alifariki Machi hapa Uingereza, akaacha kiti cha enzi alichokuja nacho kutoka Lamu. Tuna karatasi tatu. Ya bima inasema pauni 4,500, ya nyumba ya mnada inasema 1,200 hadi 1,800, na ya mirathi inasema 1,500. Kaka anasema kuna mtu anatuibia. Ipi ndiyo bei ya kweli?"*

Pole sana ndugu kwa msiba, Mungu amrehemu mzee. Nilifanya kazi miaka tisa kwenye nyumba ya mnada huku kusini mwa Uingereza. Kazi yangu ilikuwa kuandika orodha ya bidhaa na kumsaidia mthamini, na viti vya enzi, vile vya mbao nyeusi vyenye njumu nyeupe na mgongo wa kamba, vilipita mikononi mwangu zaidi ya mara moja. Kwa bei hizo ulizotaja sioni wizi. Karatasi zote tatu zinaweza kuwa sahihi, ila kila moja iliandikwa kwa ajili ya muamala tofauti, na hapo ndipo familia nyingi hugombana bila sababu.

Kabla ya kutazama tarakimu, soma aya ya kwanza ya kila hati. Mthamini anayejua kazi yake hutaja mambo matatu hapo: thamani imetolewa kwa madhumuni gani, kwa tarehe gani, na kwa soko lipi. Hati isiyotaja hayo usiitegemee, hata kama ina muhuri.

Nitaanza na mnada, kwa sababu bei nyingine zinazaliwa humo. Makadirio ya mnada ni utabiri wa pale nyundo ya dalali itakapogonga siku hiyo, chumba hicho, mbele ya watakaojitokeza. Tena ni utabiri wenye kazi ya kufanya, maana huwekwa chini kidogo ili wanunuzi wavutike. Kitu kilichokadiriwa juu hupitwa, hakiuziki, na kikirudishwa sokoni miezi mitatu baadaye wafanyabiashara wanakikumbuka na wanakishuku. Ndiyo maana mthamini akiamini kiti kitafika 1,500, huandika 1,200 hadi 1,800. Bei ya chini kabisa mtakayokubaliana na nyumba ya mnada, ile ambayo wanunuzi hawaambiwi, kwa kawaida haiwekwi juu ya 1,200 hiyo.

Sasa tuseme nyundo imegonga 1,500. Mnunuzi halipi 1,500. Anaongeza ada ya mnunuzi, tuseme asilimia 25, na juu ya ada hiyo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Jumla ni asilimia 30, kwa hiyo anatoa pauni 1,950. Ninyi nanyi hampokei 1,500. Nyumba ya mnada inakata kamisheni yake, tuseme asilimia 15, na kodi juu yake, yaani pauni 270. Ikiwatoza na 20 za kupiga picha, mnabaki na 1,210. Viwango hutofautiana kati ya nyumba na nyumba, na kamisheni ya muuzaji inajadiliwa, kwa hiyo ombeni wapunguze. Lakini ona ilivyo: kiti kimoja, dakika moja, na tayari kina bei tatu za kweli, 1,950, 1,500 na 1,210. Makadirio mliyopewa yanazungumzia ile ya katikati peke yake.

Karatasi ya bima inauliza jambo jingine kabisa: kiti kikiungua leo usiku, itagharimu kiasi gani kwenda kwenye duka la vitu vya kale, kutafuta kingine cha umri huo, kazi hiyo na hali hiyo, na kukileta nyumbani bila kungojea mnada ambao huenda usiwe na kiti kama hicho kwa miaka miwili? Mwenye duka ndiye yule aliyetoa 1,950 mnadani. Baada ya hapo amelipa usafiri, amemlipa fundi asuke upya kamba za mgongo, amekiweka dukani akilipa kodi ya pango, na anataka faida. Ndiyo maana 4,500 si bei ya ajabu. Ni bei ya kununulia dukani. Hakuna mtu atakayewapa ninyi fedha hizo mkibeba kiti mlangoni kwake.

Hapa pana mtego wa pande mbili. Ukikatia bima kwa bei ya mnada, siku ya ajali unakuta fedha hazifiki dukani. Zaidi ya hapo, sera nyingi zina kifungu cha wastani: kama kitu kinagharimu 4,500 na wewe umekikatia 1,500, kampuni inaweza kusema umelipia theluthi moja tu ya hatari, na hata uharibifu mdogo wa pauni 600 ikakulipa 200. Upande wa pili, tarakimu kubwa kwenye hati haikuhakikishii malipo makubwa. Tazama kama sera inasema thamani imekubaliwa, ambapo mkipotelewa mnalipwa kiasi hicho, au inasema kiasi hicho ni kikomo cha juu. Ikiwa ni kikomo, kampuni ikiweza kupata kiti kinacholingana kwa 3,000 itakulipa 3,000, na wewe umekuwa ukilipia 4,500 kila mwaka.

Ya tatu, karatasi ya mirathi, inatoa thamani ya haki ya soko. Wamarekani wanaieleza vizuri kwenye kanuni za kodi ya urithi: ni bei ambayo mali ingebadili mikono kati ya mnunuzi aliye tayari na muuzaji aliye tayari, hakuna aliyelazimishwa, na wote wawili wanazijua habari muhimu za mali hiyo. Uingereza neno lao ni thamani ya soko huria, na liko kwenye kifungu cha 160 cha Sheria ya Kodi ya Urithi ya mwaka 1984: bei ambayo mali ingetarajiwa kupata kama ingeuzwa siku hiyo. Kwa marehemu, siku hiyo ni siku ya kufariki. Si siku mlipoita mthamini, wala siku ya mnada.

Kwa vyombo vya nyumbani, soko ambamo wauzaji wa kawaida huuza ni mnada, ndiyo maana karatasi ya mirathi imeangukia katikati ya makadirio. Lakini msidhani ni kitu kilekile. Karatasi ya mirathi haina ruhusa ya kushushwa ili kuvutia mtu, na haikatwi gharama za kuuza. Hamwezi kuandika 1,210 kwa sababu ndizo mtakazopokea. Mthamini anatakiwa aangalie matokeo ya mauzo ya viti vinavyofanana, si makadirio yao, na aseme kwa nini hiki kiko juu au chini. Na mwenye ndugu Marekani aangalie: kule, kwa kodi ya urithi, ada ya mnunuzi huhesabiwa ndani ya thamani, kwa hiyo kiti hikihiki kingekuwa karibu na 1,950.

Mkibeba tarakimu ya bima mkaiweka kwenye fomu ya kodi ya urithi ya vyombo vya nyumbani, IHT407, mnajiumiza. Kama mali ya mzee imevuka kiwango kisichotozwa, ambacho cha kawaida ni pauni 325,000, kila pauni ya juu hutozwa asilimia 40. Tofauti ya 4,500 na 1,500 ni 3,000, na kodi yake ni 1,200. Yaani mngelipa kodi ya ziada inayokaribia fedha zote ambazo kiti kingewaletea mkikiuza.

Kuna jambo hukulitaja ambalo kwa kiti cha enzi linaweza kuzibadili bei zote tatu. Vile vipande vyeupe vya njumu kwenye mbao nyeusi, je, ni pembe ya ndovu au mfupa? Chukua kioo cha kukuza. Mfupa una vitundu na mistari midogo myeusi, pale mishipa ilipopita. Pembe haina vitundu hivyo, na ukiitazama ilipokatwa kukingama huonyesha mistari iliyopishana kama wavu. Ikiwa ni pembe, Sheria ya Pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inakataza kukiuza hapa Uingereza isipokuwa kimesajiliwa chini ya mojawapo ya misamaha. Msamaha unaofaa vitu kama hiki ni ule wa vilivyotengenezwa kabla ya 1947 ambavyo pembe yake haifiki asilimia 10 ya ujazo wote. Viti hivi vina mbao nyingi na njumu nyembamba, kwa hiyo kwa kawaida vinapita, lakini lazima usajili ufanyike kabla ya kukiuza. Kukimiliki hakuhitaji usajili, wala kukirithi. Muulizeni mthamini kama 1,200 hadi 1,800 yake imechukulia kwamba kiti kimesajiliwa. Kama hakuligusa jambo hilo, hajamaliza kazi. Na msikwangue wala kusugua kipande chochote ili kukipima. Nimeona kiti kizuri kikipoteza karibu nusu ya bei kwa sababu mtoto wa marehemu alitumia kisu na sindano ya moto.

Kaka yako namwelewa, kwa sababu sisi tulikosea palepale. Mama mdogo alipofariki aliacha sanduku la Zanzibar, la njumu za shaba na droo tatu chini. Ndugu yangu mmoja alilitaka, nasi kwenye mgawanyo tukamhesabia kwa karatasi ya bima, pauni 2,800, tukaona tumetenda haki kwa sababu imeandikwa na mtaalamu. Fedha taslimu tukagawana wengine. Miaka minne baadaye alipoishiwa akalipeleka mnadani, nyundo ikagonga 800, mkononi akapata 656. Hakuna aliyemdanganya, lakini tulikuwa tumempa fungu lake kwa bei ya dukani na sisi tukachukua letu kwa noti. Ilibidi tukae upya tumrudishie.

Kwa hiyo kama mmoja wenu anataka kubaki na kiti cha mzee, mhesabieni 1,500, thamani ya soko siku aliyofariki. Yeye akiona hata hiyo ni kubwa kwa sababu mkiuza mngepata 1,210 tu, mnaweza kukubaliana kati ya hizo mbili. Naye akishakichukua, akikatie bima ya 4,500 kwa jina lake, kwa hati mpya yenye tarehe ya sasa na picha za karibu za njumu na za mgongo.