Mkalimani Hakuharibu Maelezo Yako, Hukumwandaa

Msomaji mmoja, mwongozaji wa watalii kama mimi, ameniandikia akilalamika kwamba mkalimani aliyeletewa "aliua" maelezo yake. Wageni walianza kupiga picha za miti, wengine wakakaa kivulini, na yeye akabaki anazungumza na mkalimani peke yake. Anauliza ampate wapi mkalimani bora zaidi.

Dada yangu, nitakujibu hapa hadharani maana swali hili naulizwa kila msimu. Mkalimani bora utampata, lakini ukimpokea getini na kuanza safari papo hapo, naye atakwama vilevile. Nasema hivi nikiwa na kidonda. Kuna wakala mmoja aliwahi kuandika kwamba maelezo yangu "yanachosha", kumbe wageni wake hawakuwa wamesikia hata nusu ya nilichosema. Mkalimani alikuwa wao, wamemleta wao, na lawama nikabebeshwa mimi. Siku hizi sipokei kundi lenye mkalimani bila kukaa naye kwanza, na majuzi kundi moja la wazee lilisimama mbele ya msikiti wa Kilwa Kisiwani likauliza maswali hadi nahodha wa boti akaanza kutuita. Kwa hiyo nisikilize.

Anza na muda. Mkalimani wa kusimama nawe hufanya ukalimani fuatizi: wewe unasema, unanyamaza, yeye anasema. Kila dakika yako inazaa dakika nyingine. Maelezo ya saa moja yanakuwa karibu saa mbili, na hakuna mtalii atakayesimama juani saa mbili. Kwa hiyo kabla hata hujampigia simu mkalimani, chukua maelezo yako uyakate nusu. Inauma, najua. Mimi niliondoa orodha nzima ya watawala niliyokuwa najivunia kuikariri, na hakuna mgeni aliyewahi kuiulizia.

Kisha mtumie kilichobaki, siku mbili tatu kabla. Usimtumie kitabu. Mtumie maelezo yenyewe jinsi utakavyoyasema, pamoja na karatasi moja ya majina, miaka na vitu. Majina na namba ndivyo vinavyomponyoka mkalimani kwanza, kwa sababu sentensi ya kawaida anaweza kuibeba kwa maana yake, lakini mwaka kama 1331 hauna maana ya kushikilia. Aidha anaukumbuka, aidha hana. Karatasi ile anaikunja mkononi na kuitazama inapofika zamu yake. Karne nazo ziandikie miaka pembeni: karne ya 14 ni miaka ya 1300, na mtu aliyechoka huigeuza 1400 bila kujua.

Kwa upande wa vitu, weka picha. Pale Kilwa nikisema matumbawe, mkalimani asiyejua huyataja yote kama jiwe la aina moja. Lakini kuna jiwe gumu la matumbawe ya kale lililojengea kuta, na kuna matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Nakshi laini za kwenye mihrabu hutokana na hayo ya pili. Akiona picha mbili, moja ya ukuta na moja ya nakshi, atatafuta mwenyewe namna ya kuzitofautisha katika lugha yake. Maneno kama mihrabu na kibla mwambie ayaache yalivyo, halafu ayafafanue mara moja tu, mwanzoni. Na mweleze mapema kwamba hapo kibla kiko kaskazini, la sivyo mgeni mmoja atauliza kwa nini si mashariki, naye atababaika.

Sasa vituo, na hapa ndipo waongozaji wengi tunapoharibu. Kituo hakipangwi na pumzi yako. Kinapangwa na wazo. Lugha nyingine, kama Kijapani na Kituruki, huweka kitenzi mwishoni, kwa hiyo ukimkatia mkalimani katikati ya sentensi hana cha kuanza nacho. Sentensi mbili, zikizidi sana tatu, halafu unyamaze. Mimi huweka mistari kwenye nakala yake, na sehemu ya msikiti ipo hivi:

"Msikiti huu haukujengwa kwa mara moja. Upande huu wa kaskazini ndio wa kale zaidi. / Katika karne ya 14, Sultani al-Hasan ibn Sulaiman aliupanua kuelekea kusini na kuuongezea kuba. / Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta sultani huyu huyu akitawala."

Vipande vitatu, kila kimoja na jambo lake. Zamani niliyasema yote kwa mkupuo mmoja, tena na Husuni Kubwa, jumba la sultani huyo, nikiliningʼiniza mwishoni. Husuni Kubwa sasa inasubiri tufike Husuni Kubwa. Jina la sultani nalitaja polepole, namtazama mkalimani, naye akiitikia kwa kichwa naendelea. Hiyo ndiyo ishara yetu. Ishara nyingine ni kiganja chini: punguza mwendo. Aionyeshe bila aibu, nami sikasiriki. Mwongozaji anayekasirika kwa kuambiwa apunguze mwendo anajipenda kuliko anavyowapenda wageni wake, na nimeshawaona wengi.

Mkono wako nao una kituo. Ukionyesha kuba kisha ukashusha mkono, mkalimani anapofika kwenye "kuba" wageni hawana pa kutazama, au wanatazama mlango unaouonyesha wakati huo. Mkono ubaki juu, au urudi pale pale zamu yake inapofika. Na msiongee mkitembea. Mkalimani anayetazama mawe ya kukanyaga hawezi kushika sentensi mbili kichwani, na wageni wa nyuma hawamsikii hata kidogo. Simameni bega kwa bega mkiwatazama wageni, nyote mkiwa na jua usoni, ili wao wasiwe nalo.

Utajuaje mambo yanakwenda kombo ikiwa lugha yao huijui? Sikiliza urefu. Umesema sentensi tatu, yeye kasema maneno manne: kuna kitu kimedondoka. Usimkemee mbele ya watu. Rudia kipande kile kwa maneno mafupi zaidi kana kwamba unakazia. Akisema marefu kuliko wewe, mara nyingi anafafanua neno, na hilo linakubalika, ila likijirudia kila kipande ujue kuna neno kwenye karatasi yako halijamwingia. Utani je? Mwambie kabla. Akiona haufanyi kazi kwa wageni wake, auache. Usimlazimishe kuchekesha watu kwa kichekesho chako.

Likifika suala la maswali, mjibu mgeni, si mkalimani. Mtazame mgeni machoni hata kama huelewi neno lolote, sikia tafsiri, kisha umgeukie tena mgeni unapojibu. Jibu nalo likatwe vipande vile vile. Hapa ndipo waliojiandaa vizuri huteleza, kwa kuwa swali zuri linawasahaulisha vituo vyote, wakamwaga dakika tano bila pumzi. Mkalimani akikuonyesha kiganja chini, nyamaza hapo hapo, hata kama neno limebaki mdomoni.