Barua kwa mwanangu: wasifu ushatumwa, na namba si yako

"Mama, ombi la ile kazi ya bandarini nilituma Jumatatu. Leo nafungua wasifu wangu naona namba ya simu nimegeuza mwisho, 482 badala ya 428. Na kazi ya kwanza nimeandika niliacha Oktoba 2023, kumbe ilikuwa Machi. Nitume mwingine, ama ninyamaze wasinione mzembe?"

Mwanangu mpenzi,

Usinyamaze. Rekebisha leo, na yote mawili kwa barua moja.

Namba ndiyo ya haraka. Kosa la simu halina dalili: wao watapiga, apokee mtu mwingine au isishike kabisa, wamwite anayefuata kwenye orodha, nawe utakaa ukidhani hukuchaguliwa. Kabla ya lolote, piga hiyo namba inayoishia 482. Ikipokelewa, msalimie mwenyewe kwa heshima, mweleze kilichotokea, umwombe akipigiwa kuhusu kazi awape namba yako. Watu wengi hukubali wakiombwa vizuri. Kisha tazama barua ya maombi na fomu, kama ulijaza, maana namba mbovu hunakiliwa kila mahali. Ukiiandika kwa +254, ile sifuri ya mwanzo huondoka, zibaki tarakimu tisa. Nimeona nyingi zilizoachwa na sifuri yake.

Mwezi wa kuacha kazi nao usiudharau. Miaka niliyokaa idara ya wafanyakazi, kwenye kampuni ya kutoa mizigo hapa Mombasa, tulikuwa tukiweka wasifu mkono huu na cheti cha utumishi mkono huu. Cheti hicho ni haki yako kwa Sheria ya Ajira ya 2007, na lazima kionyeshe siku uliyoanza na siku uliyoacha. Kijana mmoja wasifu wake ulisema Novemba, cheti kikasema Aprili. Miezi saba. Huenda aliteleza tu kama wewe, lakini kwenye karatasi ilionekana kama anaficha muda aliokaa bila kazi. Hakuna aliyempigia kumuuliza. Faili lake liliwekwa kando. Bado ninamkumbuka, kwa sababu mistari miwili ya maelezo ingetosha. Kwa hiyo toa cheti chako bahashani, unakili tarehe kutoka hapo, si kutoka kichwani.

Kama ulituma kwa barua pepe, fungua ileile ya Jumatatu uijibu, usianzishe mpya, ili ya zamani na ya sasa zikae pamoja kwa anayepokea. Kichwa kiwe na jina la kazi, namba ya tangazo, na neno "marekebisho". Ndani andika hivi tu, kwa lugha uliyoombea:

"Katika wasifu niliotuma Jumatatu kuna makosa mawili. Namba yangu ya simu inaishia 428, si 482. Kazi yangu ya kwanza niliiacha Machi 2023, si Oktoba 2023. Nimeambatisha wasifu uliosahihishwa. Mengine yote ni yaleyale. Samahani kwa usumbufu."

Usieleze kwamba ulikuwa na haraka au kompyuta ilisumbua. Na hayo "mengine yote ni yaleyale" yawe kweli. Najua utashawishika kuongeza kozi au kupamba sentensi ukishafungua faili. Usiguse, maana akilinganisha akakuta jambo usilolitaja, atashuku hata yale uliyosema. Faili lenyewe lihifadhi kama PDF, jina lako likifuatwa na "wasifu-sahihi", asije akafungua la zamani.

Kama ulipitia tovuti yao, ingia kwanza uone kama inaruhusu kuhariri. Nyingine hufunga ukishatuma. Usiondoe ombi ili utume upya mpaka uwe na hakika litapokelewa tena. Ni heri uandike kwa anwani iliyo kwenye tangazo. Namba iliyo kwenye akaunti yako huko nayo ibadilishe, kwani wengine hupiga hiyo bila kufungua wasifu.

Jibu linalojituma lenyewe lisikuridhishe. Siku mbili za kazi zikipita kimya, piga simu ofisini kwao asubuhi, mara moja, uulize kama marekebisho yako yameingia kwenye faili. Na wakikuita kabla ya hapo, nenda na nakala sahihi pamoja na cheti, na jambo la tarehe ulitaje wewe kabla hawajaliuliza.

Ukimaliza kuandika, nitumie kwanza niipigie namba iliyo kwenye huo wasifu mpya. Nikisikia sauti yako, peleka.

Mamako