Ulimi unapoteleza kwenye rekodi, tafuta sentensi ndefu

Taarifa ya mwaka ya SACCOS huandikwa ili ichapwe, kisha mtu husimama mbele ya wanachama kuisoma kwa sauti. Hapo ndipo sentensi iliyoonekana nzuri kwenye karatasi inapomkwamisha msomaji. Rekodi ya mazoezi itakuonyesha ni ipi, mradi usifiche makosa unaporekodi.

Chapa taarifa kwa herufi kubwa na uzipe sentensi namba. Weka simu mezani, washa kinasa sauti, soma umesimama, kwa sauti utakayotumia ukumbini. Ukikosea usizime simu uanze upya, endelea. Pumzika nusu saa, kisha urekodi mara ya pili. Kukosea mara moja kunaweza kuwa uchovu tu. Sentensi iliyokukwamisha mara zote mbili ndiyo ya kushughulikia.

Unaposikiliza, shika penseli na karatasi ileile. Piga mkwaju kila uliposikika ukivuta pumzi, zungushia duara neno ulilolirudia, na pigia mstari maneno uliyoyameza mwishoni. Kuna kosa jingine la kuwinda, nalo kwa Kiswahili lina faida kuliko yote: upatanisho uliovunjika, yaani kitenzi kisichokubaliana na kiima chake. Chukua sentensi hii:

"Kamati ya mikopo, ambayo iliundwa na mkutano mkuu uliopita baada ya wajumbe kulalamikia ucheleweshaji wa maombi yaliyokuwa yakikaa hadi miezi mitatu bila kujibiwa, katika kipindi cha Januari hadi Desemba imepitia maombi 212 na kuidhinisha mikopo 147 yenye thamani ya Sh 48,650,000."

Kwenye rekodi msomaji anavuta pumzi baada ya "yakikaa", na akifika kwenye kitenzi anasema "yamepitia", anasita, anarudi: "imepitia". Kiambishi "ya-" amekitoa kwenye "maombi", kwa sababu kati ya "kamati ya mikopo" na kitenzi chake kuna maneno 26, na kufikia hapo "kamati" imeshamtoka kichwani. Basi usihangaike na neno "imepitia", ingawa ndipo ulimi ulipoteleza. Rudi nyuma hadi kwenye kiima, uhesabu maneno yanayokitenga na kitenzi. Penye "ambayo" katikati, mara nyingi kuna habari inayostahili sentensi yake.

Tatizo la pili limejificha kwenye tarakimu. Kwa jicho, sentensi hiyo ina maneno 41. Ukiitamka inakaribia 60, maana Sh 48,650,000 peke yake ni "shilingi milioni arobaini na nane, laki sita na hamsini elfu". Ndiyo maana mwisho wake humezwa: pumzi imeisha kabla ya fedha. Na fedha ndizo wanachama wanazozisubiri!

Katika kuandika upya, panga mambo kwa mfuatano yalivyotokea, kila tendo na sentensi yake:

"Katika mkutano uliopita, wajumbe mlilalamika kuwa maombi ya mikopo yanakaa hadi miezi mitatu bila majibu. Mkaunda kamati ya mikopo. Kuanzia Januari hadi Desemba, kamati hiyo imepitia maombi 212. Imeidhinisha mikopo 147. Thamani yake ni shilingi milioni 48 na laki sita na nusu."

Sentensi ndefu kuliko zote hapo ina maneno 15. "Kamati" imetajwa tena kwa jina. Ungeandika "hiyo" peke yake baada ya kukata, msikilizaji angejiuliza ni ipi. "Mkaunda" inabeba mfuatano bila "ambayo". Kiasi cha fedha kimebaki kilekile, ila kimeandikwa kinavyotamkwa. Tarakimu kamili ziache kwenye nakala watakayogawiwa wanachama.

Si kila kujikwaa kunatokana na urefu. Tamka neno lililozungushiwa duara peke yake mara tatu. Likikushinda hata hapo, kama "ucheleweshaji" linavyowashinda wengi, badilisha neno na uiache sentensi. Likitoka vizuri, sentensi ndiyo yenye kasoro. Pumzi iliyovutwa penye mkato wala si kosa; inayostahili kushughulikiwa ni ile iliyokata kati ya maneno yanayokwenda pamoja.

Wengine, wakishaonja kukata, hukata kila kitu, na taarifa inasikika kama simu ya maandishi ya zamani iliyolipiwa kwa neno. Sentensi ndefu uliyoisoma mara mbili bila kukwama iache ilivyo.

Ukimaliza, usirekodi aya mpya peke yake. Anza sentensi mbili kabla yake, upite hadi mbili baada yake, kwa kuwa marekebisho huleta kikwazo kipya pale yanapounganishwa na maandishi ya zamani.